Kupandisha riba ya Benki Kuu au kubana mikopo yenyewe?

"Daktari, niko kwenye kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Nairobi, na wanachama wengi ni walimu. Siku hizi kila mtu anakopa: benki, kwetu, kwa simu. Mbona Benki Kuu isipandishe tu riba, watu wapunguze? Na hizo kanuni nyingine wanazowekewa wakopeshaji zinafanya nini ambacho riba haiwezi?"

Dada, tuanze na hati ya mshahara, maana wewe unaziona kila wiki na sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Chukua mwalimu anayelipwa shilingi 90,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba zinamkata kama 25,000. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo ni lazima abaki na 30,000 mkononi. Ukitoa hayo yote, nafasi aliyobaki nayo ya kulipia mikopo kupitia mshahara ni 35,000 kwa mwezi.

Mwalimu huyu anaenda benki kuomba shilingi milioni moja, alipe kwa miaka minne, riba asilimia 14 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Makato yake ya kila mwezi yanatoka kama 27,330. Sasa tuseme Benki Kuu imeona watu wanakopa kupita kiasi, imepandisha riba yake, na mkopo huu umepanda kutoka asilimia 14 hadi 16. Nimeipa Benki Kuu bahati nzuri hapa, kwa sababu kwa kawaida benki huchukua miezi kadhaa kufikisha mabadiliko kwa mteja, na mara nyingi hazifikishi yote. Hata hivyo, makato mapya ni 28,340. Ameongezewa shilingi elfu moja na kidogo.

Afisa wa mikopo hahitaji kufikiri sana kuiondoa hiyo elfu moja. Anaongeza miezi mitatu. Kwa miezi 51 badala ya 48, riba ikiwa ileile ya asilimia 16, makato yanakuwa kama 27,150, chini kidogo ya yale ya kabla riba haijapanda. Akimpa miaka mitano, yanashuka hadi 24,320 hivi. Mteja anaondoka na mkopo uleule na makato madogo zaidi, ingawa jumla atakayolipa imekuwa kubwa na muda wa kukaa na deni umerefuka. Wewe mwenyewe umewahi kuona muda wa mikopo ukirefuka namna hii kwenye meza ya kamati, na naamini unajua kwamba mwanachama anauliza "nitakatwa ngapi?" kabla hajauliza riba ni ngapi.

Tuipime kwa njia nyingine. Kwa nafasi ya 35,000 na muda wa miaka minne, mkopo mkubwa kabisa anaoweza kuchukua kwa asilimia 14 ni kama shilingi 1,280,000. Kwa asilimia 16 ni kama 1,235,000. Umepungua kwa chini ya asilimia 4. Ukitaka kuupunguza kwa robo nzima kwa kutumia riba peke yake, riba ya mkopo ingebidi ifike karibu asilimia 31. Lakini ukiweka kanuni kwamba makato ya mikopo yasizidi 26,250 badala ya 35,000, na muda usizidi miaka minne, robo hiyo imeondoka siku kanuni inapoanza kutumika. Mwenye kiwanda Industrial Area anayekopa kununua mashine hajaguswa, wala anayetafuta kazi kwenye kiwanda hicho.

Hiyo ndiyo tofauti ya msingi. Riba ya Benki Kuu inabadilisha bei ya fedha kwa kila mtu. Kanuni hizi nyingine zinabana kiasi: deni lisizidi kiwango fulani cha mapato, au cha thamani ya nyumba, au benki iweke mtaji mkubwa zaidi kwa aina fulani ya mkopo. Pia hazifanani na ukaguzi wa kawaida wa benki mojamoja. Zinaangalia hatari inayojengeka pale wakopeshaji wote wanapofanya jambo moja kwa wakati mmoja, hata kama kila mmoja akikaguliwa peke yake vitabu vyake viko sawa.

Kwa mikopo ya simu hesabu inaonekana wazi zaidi. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopaji alitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 5,000, ada ni 375. Riba ya Benki Kuu ikipanda kwa asilimia 2 kwa mwaka, gharama ya fedha kwa mkopeshaji kwenye mkopo huo wa mwezi mmoja inaongezeka kwa shilingi 8 hivi. Hata angemtoza mteja zote 8, hakuna mtu mwenye mtoto mgonjwa saa nne usiku atakayeacha kukopa kwa sababu hiyo. Bei ya mikopo hii inatokana na gharama ya kuiendesha na idadi ya wasiolipa, na riba inayopangwa na Kamati ya Sera ya Fedha ni sehemu ndogo sana yake. Kwa hiyo anayetaka kuzuia madeni ya simu kwa kupandisha riba atawaumiza wenye rehani, wenye maduka na wenye matatu, na madeni ya simu yatabaki pale pale.

Lakini nisije nikakufanya uamini kwamba riba haina kazi. Mwaka 2011 tuliona hapa kwetu pale ambapo hakuna kanuni ingeweza kuchukua nafasi yake.

Mwanzoni mwa mwaka huo riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.75. Ndani ya mwaka huo ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulipita asilimia 30, na haikuwa ya sekta moja: biashara, nyumba, magari, bidhaa kutoka nje, yote ilipanda. Ukame na bei ya mafuta vilikuwa vimeshapandisha gharama ya maisha, na fedha za bei rahisi zikaongezea juu yake. Shilingi ikaanguka hadi karibu 107 kwa dola mwezi Oktoba, na mfumuko wa bei ukafika asilimia 19.7 Novemba. Benki Kuu, iliyokuwa imechelewa, ikapandisha riba kutoka asilimia 7 hadi 11 Oktoba, 16.5 Novemba na 18 Desemba.

Jiulize kanuni ya makato ya mshahara ingefanya nini hapo. Mwagizaji wa bidhaa aliyekopa shilingi ili anunue dola hana hati ya mshahara. Aliyekopa kununua ploti Kitengela angebanwa, lakini mwenye ghala la nguo Eastleigh asingeguswa, na shilingi ingeendelea kuanguka. Mkopo ulikuwa umesambaa kila mahali kwa sababu fedha yenyewe ilikuwa rahisi kuliko mfumuko wa bei: mtu aliyekopa kwa asilimia 15 wakati bei zinapanda kwa karibu 20 alikuwa analipwa ili akope. Mwaka 2013 Jeremy Stein, aliyekuwa gavana kwenye benki kuu ya Marekani, alieleza hoja hii vizuri: riba inapenya kwenye kila ufa wa mfumo, hata kwa wakopeshaji ambao hakuna msimamizi anayewaona. Ufa kama huo kwetu ni mwingi, na nitaurudia. Ndiyo maana 2011 riba ilifanya kazi. Shilingi ilirudi hadi kwenye 85 hivi ndani ya miezi michache, na kufikia Desemba 2012 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 3 na ukuaji wa mikopo umeshuka hadi kwenye asilimia 10.

Gharama nayo ilikuwa kubwa. Riba ya mikopo benki ilifika wastani wa kama asilimia 20, na waliopigwa zaidi ni wale waliokuwa wameshakopa kwa riba inayobadilika, sio waliokuwa wanakuja kukopa. Familia iliyochukua rehani kwa uangalifu mwaka 2010 ililipia pupa ya watu wengine. Hasira ile haikuisha. Ilichangia kuleta sheria ya 2016 iliyoweka ukomo wa riba ya mikopo kuwa asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu, hadi ilipofutwa Novemba 2019. Katika miaka ile mitatu sera yenyewe ilipinda, kwa sababu Benki Kuu ikipandisha riba, inainua pia bei ambayo benki inaruhusiwa kutoza, hivyo inaweza kuzifanya benki zikopeshe zaidi wateja waliokuwa wameachwa nje. Nasikitika kila nikisikia mtu akipendekeza turudi huko.

Swali gumu linakuja pale ambapo mikopo inapaa lakini bei ziko tulivu. Benki Kuu yetu ina lengo la mfumuko wa bei kati ya asilimia 2.5 na 7.5. Kama uko asilimia 4 na madeni ya mishahara na simu yanajaa, je, ipandishe riba kwa ajili ya madeni peke yake? Uswidi walilijaribu jambo hili, na mimi hulitumia kama kisa cha kwanza ninapofundisha.

Katikati ya 2010 riba ya Riksbank, benki kuu yao, ilikuwa asilimia 0.25. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imefika 2. Mfumuko wa bei haukuwa tatizo kubwa. Sehemu ya sababu waliyoitaja ni madeni ya nyumba, ambayo yalikuwa zaidi ya asilimia 160 ya mapato ya kaya kwa mwaka. Mjumbe mmoja wa bodi, mwanauchumi Lars Svensson, alipinga mkutano baada ya mkutano, akaondoka 2013. Hoja yake inastahili kueleweka vizuri, kwa sababu inakwenda kinyume na hisia za wengi.

Deni la nyumba ni la miaka thelathini. Riba ikipanda leo, inapunguza mikopo mipya, lakini mikopo mipya ya mwaka ni sehemu ndogo ya deni lote lililopo. Mapato na bei havisubiri hivyo. Vinapoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu watu wananunua kidogo na waajiri wanaajiri kidogo. Tuseme kaya zina deni la 170 kwa kila 100 ya mapato. Bila kupandisha riba, deni linakua kwa asilimia 5 na mapato kwa asilimia 4, na mwisho wa mwaka uwiano ni 171.6. Ukipandisha riba, deni likapunguza kasi hadi asilimia 4, na mapato yakapunguza hadi 2.5, uwiano unafika 172.5. Umelipa kwa ajira za watu, na mzigo wa deni umeongezeka. Tarakimu hizi ni zangu za kuonyesha njia tu, lakini mwelekeo ndio aliokuwa anaueleza yeye.

Kilichotokea ni kwamba mfumuko wa bei nchini humo ulikaribia sifuri huku lengo likiwa asilimia 2, na Februari 2015 riba ikashushwa hadi chini ya sifuri. Wakati huohuo msimamizi wao wa fedha alikuwa ameshaweka kanuni Oktoba 2010 kwamba mkopo wa nyumba usizidi asilimia 85 ya thamani yake, na mwaka 2016 ikaja kanuni ya kumlazimu mkopaji kupunguza deni lenyewe kila mwaka badala ya kulipa riba tu. Wapo wanaompinga Svensson, hasa wachumi wa benki ya mabenki makuu iliyoko Basel, wanaosema gharama ya mgogoro mmoja ni kubwa kiasi kwamba inafaa kuvumilia ajira chache kwa muda ili kuuepuka. Nakubaliana nao pale ambapo kupaa kunatoka kwenye fedha rahisi kila mahali. Pale ambapo kupaa kuna anwani inayojulikana, naona Svensson ana haki.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa kanuni hizi hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Kanuni hizi zinalinda wakopeshaji wasianguke vizuri kuliko zinavyozuia mikopo isipae. Hong Kong inaonyesha hili wazi. Sarafu yao imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1983, kwa hiyo riba yao inaamuliwa Washington na hawana uhuru wa kuipandisha kwa ajili ya nyumba zao. Kuanzia 1991 walishika kanuni moja: mkopo wa nyumba usizidi asilimia 70 ya thamani. Je, ilizuia bei kupaa? Hapana, bei zilipaa vibaya hadi 1997. Kisha zikaporomoka kwa karibu theluthi mbili kufikia 2003. Hata hivyo, sehemu ya mikopo ya nyumba iliyochelewa kulipwa zaidi ya miezi mitatu haikuwahi kufika asilimia 1.5, na mabenki yakabaki yamesimama. Wakopaji walikuwa wametia fedha zao wenyewe za kutosha tangu mwanzo, kwa hiyo hata bei ilipoanguka wengi waliendelea kulipa, na benki iliyolazimika kuuza nyumba ilipata hasara ndogo kuliko ambavyo ingepata.

Kwa hiyo mtu akikuambia kanuni fulani "imeshindwa" kwa sababu mikopo bado inakua, muulize kwanza ilikusudiwa kufanya nini. Mtaji wa benki ni mfano wa karibu. Kwa miongozo iliyoanza 2013 na kukamilika kwa hatua, benki zetu zinatakiwa ziwe na mtaji mkuu wa asilimia 10.5 na jumla ya mtaji wa asilimia 14.5 ya mali zikipimwa kwa hatari yake, na sheria ya 2024 inapandisha kima cha chini cha mtaji mkuu kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 kwa hatua, kufikia mwisho wa 2029. Hilo linaipa benki uwezo wa kubeba hasara. Halimzuii mtu yeyote kukopa kwa simu kesho asubuhi.

Sasa nirudi kwenye ufa niliousema, kwa sababu kwetu ndiko kanuni hizi zinakovuja zaidi. Rudi kwa mwalimu wetu. Kanuni ya theluthi imekuwepo kwa miaka, na kwa kweli ni kanuni ya deni kwa mapato, ingawa iliandikwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya mwajiri. Inahesabu tu kinachopita kwenye hati ya mshahara. Mwalimu aliyebakiwa na 30,000 yuko ndani ya sheria. Kisha mshahara unapofika M-Pesa, mkopo wa Fuliza unakatwa kwanza, apu mbili zinadai, shailoki wa mtaani anataka 6,000 zake, na tarehe 3 hana nauli. Kwenye karatasi mwalimu huyu ana deni la wastani. Kwenye maisha yake halisi anatumia karibu mshahara wote kulipa madeni, na hakuna mkopeshaji hata mmoja anayeona picha nzima.

Nchi nyingine zimepitia haya. Croatia mwaka 2003 iliwaambia mabenki kwamba mikopo yao ikikua kwa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka watalazimika kununua hati za benki kuu zenye faida ndogo. Mabenki yakapunguza kasi, na wakopaji wakahamia kwenye kampuni za kukodisha mali na kwa wakopeshaji wa nje ya nchi. Hapa kwetu mgawanyo wa wasimamizi unarahisisha kuhama huko. Benki ziko chini ya Benki Kuu, vyama vinavyopokea amana viko chini ya msimamizi wao, SASRA, na wakopeshaji wa kidijitali hawakuwa na msimamizi hadi sheria ilipobadilishwa 2021 na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Hata kanuni hizo zilijali zaidi leseni, faragha na namna ya kudai madeni kuliko kiasi cha deni ambacho mtu mmoja anaweza kulundika. Ukibana benki peke yake, sehemu ya mikopo itahamia kwenu. Ukiwabana na ninyi, itahamia kwenye simu, ambako ni ghali zaidi. Kwa maoni yangu kanuni ya deni kwa mapato haina maana Kenya mpaka ihesabu madeni yote ya mtu, ikiwemo ya simu, na mpaka kila mkopeshaji mwenye leseni alazimike kuripoti kwa CRB, wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, kila mkopo na si ule ulioharibika tu. Hiyo ni kazi ya kanuni na kompyuta, na kupandisha riba hakuwezi kuifanya.

Huenda sasa unajiuliza utajuaje kama kupaa kwa mikopo ni kwa hatari. Usitegemee uwiano wa mikopo isiyolipwa peke yake, kwa sababu wakati wa kupaa unadanganya. Mkopeshaji mwenye mikopo ya shilingi bilioni 10, milioni 800 kati yake zikiwa hazilipwi, ana uwiano wa asilimia 8. Akikopesha kwa pupa mwaka mmoja, mikopo ikafika bilioni 14 na isiyolipwa milioni 980, uwiano umeshuka hadi asilimia 7. Bodi inapiga makofi, kumbe mikopo mibaya imeongezeka kwa milioni 180, na ile mipya haijapata muda wa kuharibika. Uchumi ukipoa na mikopo ikaacha kukua, uwiano unaruka. Tuliona hali ya namna hiyo nchini mwishoni mwa 2024: baada ya riba ya Benki Kuu kufika asilimia 13 mwezi Februari, mikopo kwa sekta binafsi iliacha kukua, na isiyolipwa ikawa zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote. Riba ya juu ilikuwa imesaidia shilingi na bei, lakini haikusafisha vitabu vya mtu.

Kinachosema ukweli mapema ni kufuata mikopo kwa mwezi ilipotolewa. Chukua yote iliyotolewa Januari, uangalie ni mingapi ilikosa malipo hata moja kufikia Aprili. Fanya hivyo kwa Februari hadi Mei, na kuendelea. Kama sehemu hiyo inaongezeka mwezi hadi mwezi, mnakopesha watu wasioweza, hata kama ripoti ya mwaka inapendeza. Angalia pia muda wa wastani wa mikopo mipya na idadi ya mikopo inayotolewa kulipa mikopo ya zamani. Vitu hivi vitatu vikipanda pamoja wakati mishahara haijapanda, tatizo lina anwani, na dawa yake ni ya kubana mikopo ya aina hiyo. Ukiona mikopo ya kila sekta inakua kwa kasi maradufu ya mapato, bei zinapanda kupita lengo na shilingi inateremka, hapo mimi mwenyewe nitasimama na wanaotaka riba ipande, na ipande mapema, si kama 2011.

Kwa kamati yenu, nisingengoja. Vyama vingi vinakopesha mara tatu ya akiba ya mwanachama, na kipimo hicho kinalinda chama lakini hakisemi lolote kuhusu uwezo wa mtu kulipa. Ongezeni viwili. Weka ukomo wa muda kwa kila aina ya mkopo, ili miezi isirefushwe kuficha makato. Na kabla ya kuidhinisha, mwombe mwanachama, kwa ridhaa yake, taarifa ya miezi sita ya M-Pesa pamoja na hati ya mshahara, mjumlishe kila kinachokatwa na kila kinacholipwa kwa wakopeshaji, kisha muupime mkopo mpya kwa kile kinachobaki. Wajumbe watalalamika kwamba wanachama watakimbilia kwingine, na baadhi watakimbia kweli. Anzeni na mikopo mipya tu, msiguse iliyopo, na mlinganishe ile hesabu ya mikopo iliyokosa malipo ndani ya miezi mitatu, kabla na baada. Ikiwa baadaye SASRA italeta kanuni yake, ninyi mtakuwa na takwimu za kuipa, na cha kubadilisha kitakuwa tarakimu chache kwenye fomu yenu.